Usivute alama kwa mstari, vuta kwa namba ya mwanafunzi

"Wakuu, mimi ni mwalimu wa darasa, Kidato cha Pili, wanafunzi 64. Kila mwalimu wa somo ana shiti yake ndani ya faili moja la Excel, na shiti ya JUMLA inavuta alama kwa =Hisabati!F5, nimeburuta hadi chini na inakubali vizuri. Naomba msaada: jaribio ni 20%, nusu muhula 30%, mtihani wa mwisho 50%, napigaje hesabu? Pia daraja, nafasi darasani, na ripoti mbili zikae kwenye karatasi moja ya A4 zikiwa na maoni ya mkuu wa shule. Tunafunga Ijumaa."

Usichapishe ripoti hata moja kwa hilo faili. Asilimia ni kazi ya dakika mbili, tutazifikia. Kinachonitisha ni hiyo =Hisabati!F5 uliyoiburuta hadi chini, kwa sababu mimi niliiburuta hivyohivyo na ikanifanya nigawe ripoti 58 zenye alama za watu wengine.

Fomula hiyo haimjui mwanafunzi wako. Inajua mahali tu: nenda shiti ya Hisabati, safu F, mstari wa 5, lete kilichopo. Leo mstari wa 5 yupo mtoto wa kwanza kwenye orodha, na JUMLA nayo ina mtoto huyohuyo mstari wa 5, ndiyo maana unaona inakubali. Siku shiti moja ikibadili mpangilio na nyingine isibadili, JUMLA itaendelea kuleta namba bila kulalamika, ila itakuwa namba ya jirani.

Kwangu ilikuwa hivi. Walimu wote walishajaza, na mimi nilishahakiki. Jioni kabla ya kuchapa, mwalimu wa Hisabati alifungua faili akapanga shiti yake kwa alama, kutoka kubwa kwenda ndogo, aone watano bora wa kuwapa madaftari. Alipanga vizuri kabisa, majina yakaenda na alama zao, na kwenye shiti yake hakuna kilichoharibika. Akahifadhi, akaenda zake. Simlaumu hata kidogo, ile ni shiti yake na alikuwa na haki ya kuipanga.

Kwenye JUMLA majina yalibaki kwa alfabeti. Kwa hiyo mtoto wa kwanza kwa alfabeti akapata alama ya aliyeongoza Hisabati, wa pili akapata ya aliyeshika nafasi ya pili, hivyo hivyo hadi wa mwisho kwenye orodha akabeba alama ya aliyeshika mkia. Ukiutazama mkeka ule wa matokeo leo, safu ya Hisabati inateremka kama ngazi: 94, 91, 88, 85, 83... mpaka 11. Watu wanne tuliupitia na hakuna aliyeona, kwa sababu mkeka tunausoma kwa kwenda kulia, mtoto mmoja mmoja.

Na hapa ndipo wengi mnajidanganya na uhakiki. Mwalimu wa taaluma alilinganisha wastani wa somo, alama ya juu, alama ya chini na idadi ya A, B, C hadi F. Vyote vilikubaliana na karatasi ya mwalimu wa somo. Vingekosaje kukubaliana? Namba ni zilezile 58, zimebadilishana wenyewe tu. Hakuna jumla wala wastani wa darasa unaoweza kukamata kosa la aina hii. Linakamatwa na mtu aliyeshika karatasi ya mtihani ya mtoto mmoja na ripoti ya mtoto huyohuyo.

Mtu huyo alikuwa mama mzazi. Binti yake alikuwa wa 41 kwenye orodha. Alipata 88, ripoti ikasema 31, daraja D. Tofauti ya alama 57 kwenye masomo tisa inashusha wastani kwa alama sita na ushee, na kweli ulishuka kutoka 71.4 hadi 65.1, akatoka nafasi ya 4 akaenda ya 13. Mama alikuja likizo ikiwa na siku nne, ameshika karatasi yenye 88 ya kalamu nyekundu, na hakuja kwa ugomvi. Aliniuliza tu ipi ni ya kweli. Nyumbani mtoto alikuwa ameshaambiwa aachane na michepuo ya sayansi. Na hilo bado lilikuwa rahisi kulirekebisha kuliko kumpigia simu baba wa mtoto wa kwanza kwenye orodha, aliyekwisha kumnunulia mwanawe viatu kwa ile 94, nimwambie alama ya kweli ni 22.

Faili lile lilitengenezwa na kijana wa steshenari aliyetuuzia kama "mfumo". Nilimuuliza kabla: walimu wakigusa shiti zao itakuwaje? Akanijibu, "Ukishaburuta umemaliza, haliharibiki." Alilipwa, akaondoka. Hao wa video nao wanaofundisha kwa wanafunzi kumi kwenye shiti moja wananikera vilevile, maana kwa wanafunzi kumi na shiti moja kila kitu kinafanya kazi. Shuleni kuna walimu tisa wanaogusa faili moja, kuna mtoto anahamia katikati ya muhula, kuna anayeondoka. Mwalimu mmoja akifuta mstari mzima wa aliyehama kwenye shiti yake utaona #REF! kwenye mstari huo, na hapo angalau unashtuka. Lakini akihamishia mgeni katikati ya orodha kwa kukata na kubandika majina, hutaona kitu.

Sasa fanya hivi. Kila shiti ya somo iwe na namba ya udahili safu A, jina safu B, kisha jaribio C, nusu muhula D, mtihani wa mwisho E, na alama ya mwisho F. Namba hiyohiyo iwepo safu A ya JUMLA. Halafu badala ya fomula yako weka hii:

```
=INDEX(Hisabati!$F$5:$F$90,MATCH($A5,Hisabati!$A$5:$A$90,0))
```

MATCH inaitafuta namba ya mtoto popote ilipo kwenye shiti ya Hisabati, INDEX inaleta alama iliyo mstari huo. Mwalimu apange atakavyo, alama itamfuata mwenyewe. Ile 0 ya mwisho usiiache: inamaanisha namba ilingane kabisa. Ukiiacha, Excel inaweza kukuletea namba ya jirani, na tumerudi kulekule.

Usitumie jina badala ya namba. Utakuwa na watoto wawili wenye jina moja, na nafasi tupu iliyoachwa mwisho wa jina na mwalimu mmoja inatosha kuvunja utafutaji. Namba nazo ziandikwe aina moja kwenye shiti zote. 0217 iliyoandikwa kama maandishi na 217 ya tarakimu si kitu kimoja kwa Excel, utaona #N/A. Ukiiona, nenda kairekebishe namba. Usifanye kama wanavyoshauri baadhi humu, kuifunika kwa IFERROR ikupe 0, kwa sababu hapo unampa sifuri mtoto aliyefanya mtihani, na sifuri haipigi kelele.

Asilimia zako, mradi kila mtihani umeshaugeuza kuwa juu ya 100:

```
=IF(COUNT(C5:E5)<3,"",ROUND(C5*0.2+D5*0.3+E5*0.5,0))
```

Mwenye 60, 50 na 72 anapata 12 + 15 + 36, yaani 63. Hiyo COUNT inazuia aliyekosa mtihani asihesabiwe sifuri kimyakimya: seli inabaki tupu mpaka muamue naye. ROUND ipo kwa sababu ya daraja. Bila hiyo, 74.6 inaonekana 75 kwenye karatasi lakini inapewa B, na mzazi atakuuliza. Viwango viweke kwenye shiti yake kutoka chini kwenda juu, 0 F, 30 D, 45 C, 65 B, 75 A kama vya NECTA, kisha:

```
=VLOOKUP(F5,Viwango!$A$2:$B$6,2,TRUE)
```

Hapa TRUE ni sahihi, kwa sababu unatafuta ngazi aliyofikia. Kwa namba za wanafunzi kamwe usiweke TRUE. Seli ya F ikiwa tupu fomula hii itatoa #N/A, usiogope.

Nafasi usiipate kwa kupanga mkeka. Tumia RANK, mkeka ubaki kwa alfabeti. Kama wastani uko safu M:

```
=RANK(M5,$M$5:$M$68,0)
```

Wawili wakifungana nafasi ya 7, anayefuata ni wa 9. Na ripoti nayo ifuate sheria ileile: seli moja ya juu uandike namba ya udahili, jina na masomo yote yavutwe kwa MATCH ya namba hiyo, si kwa mstari.

Kuna jambo moja ambalo fomula hii haiwezi kuliokoa. Mwalimu akichagua safu ya alama peke yake kisha akapanga, Excel humuuliza Expand the selection au Continue with the current selection. Akibonyeza hiyo ya pili, alama zinahama na namba zinabaki, na hapo uharibifu uko ndani ya shiti yake yenyewe. Ndiyo maana omba kila mwalimu akupe pia orodha yake ya alama ya karatasi, yenye sahihi, kabla hajagusa kompyuta.

Kabla ya Ijumaa fanya jaribio hili. Nakili faili lote, kwenye nakala fungua shiti ya Hisabati, chagua jedwali zima, panga kwa alama kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha rudi JUMLA. Ikihama hata tarakimu moja, faili bado ni lile langu la zamani. Isipohama, chukua karatasi za mtihani za watoto watano kutoka sehemu tofauti za orodha, mmoja wa juu kabisa, mmoja wa mwisho kabisa na watatu wa katikati, uzilinganishe kwa macho na ripoti zao, somo kwa somo. Zikikubaliana zote, chapa.