Jiwe la figo: ukubwa wake, mahali lilipo, na nani wa kupasuliwa

Mtu akiambiwa ana jiwe kwenye figo, swali la kwanza ni moja tu: nitapasuliwa? Wengi hujijibu wenyewe kwa kupima maumivu. Yakiwa makali wanaamini jiwe ni kubwa, yakipoa wanaamini limetoka. Imani zote mbili zinaweza kukupotosha, na ya pili inaweza kukuharibia figo.

Kipimo changu cha CT kilionyesha mawe mawili upande wa kushoto. La kwanza lilikuwa la milimita 6, limekwama mwishoni mwa mrija unaoleta mkojo kwenye kibofu. La pili lilikuwa la milimita 13, limetulia ndani ya figo, kwenye vikombe vya chini vinavyokusanya mkojo. Lile dogo ndilo lililonigaragaza sakafuni na kunitapisha. Lile kubwa, zaidi ya mara mbili yake kwa urefu, sikuwahi kulisikia hata siku moja.

Sababu ni kwamba kinachouma hasa ni mkojo kuzibwa njia. Mkojo ukizuiwa, figo inajaa na kutanuka, na mrija unajikaza kwa nguvu ukijaribu kulisukuma jiwe. Jiwe lililokaa kwenye kikombe bila kuziba chochote linaweza kukua kwa miaka kimyakimya. Mrija wenyewe ni mwembamba, na una sehemu tatu ambazo mawe hupenda kukwama: pale unapoanzia kwenye figo, pale unapopita juu ya mishipa mikubwa ya damu ya nyonga, na pale unapoingia kwenye kibofu. Kwa hiyo ukishika ripoti yako, tafuta mambo matatu: jiwe lina milimita ngapi, liko wapi hasa, na figo imejaa mkojo kiasi gani.

Tuanze na lile la milimita 6. Mawe yasiyofika milimita 5 mengi hutoka yenyewe kwa mkojo. Kuanzia 5 hadi 10 uwezekano unapungua kadiri ukubwa unavyoongezeka, lakini jiwe lililokwisha kushuka hadi karibu na kibofu lina nafasi nzuri kuliko lenye ukubwa uleule lililokwama juu. Ndiyo maana daktari bingwa wa mfumo wa mkojo alikubali tusubiri. Nilipewa diklofenaki kwa maumivu, kwa kuwa vipimo vya damu vilionyesha figo zinafanya kazi vizuri (mwenye figo dhaifu hapewi dawa hiyo ovyo), na tamsulosini, ambayo hulegeza misuli ya sehemu ya chini ya mrija. Tamsulosini inaweza kushusha presha, kwa hiyo ukiamka usiku inuka taratibu.

Wapo watakaokuambia unywe maji mengi mno ili ulisukume. Maji ni muhimu kuzuia mawe mapya, ila kujijaza maji wakati mrija umezibwa hakuharakishi jiwe, na kunaweza kuongeza maumivu. Kunywa kawaida. Kinachofaa zaidi ni kukojolea kwenye chujio kila mara. Langu lilipotoka lilikuwa punje ya kahawia yenye miiba midogo, na kama nisingekuwa na chujio lingepotea chooni pamoja na jibu la aina yake.

Kusubiri kuna mpaka. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6, na kipimo kinarudiwa hata kama maumivu yamekwisha, kwa sababu figo iliyozibwa inaweza kuacha kuuma huku inaendelea kuharibika. Na yapo mambo ambayo hayasubiri hata saa: homa au kutetemeka kwa baridi pamoja na maumivu ya ubavu, kukosa mkojo kabisa, au kuwa na figo moja tu halafu ikazibwa. Homa ndiyo naiogopa kuliko yote. Usaha uliofungiwa nyuma ya jiwe unaweza kuingia kwenye damu na kuua. Hapo kazi ya kwanza ni kuutoa mkojo uliozuiwa, kwa kupitisha mpira mwembamba uitwao stenti ndani ya mrija au kwa kuweka mpira mgongoni hadi kwenye figo. Jiwe lenyewe linashughulikiwa baadaye, maambukizi yakishatulia.

Lile la milimita 13 lilikuwa na hesabu nyingine. Jiwe la ukubwa huo haliwezi kutarajiwa kutoka lenyewe. Njia ya kulivunja kwa mawimbi ya mshtuko kutoka nje ya mwili inavutia kwa kuwa haina kisu, na kwa mawe mengi ya figo yasiyozidi milimita 20 ni chaguo zuri. Tatizo langu lilikuwa mahali. Vipande vikivunjwa kwenye vikombe vya chini vinatakiwa kupanda juu ndipo vishuke kwenye mrija, na vingi hubaki palepale na kukua tena. Kwa hiyo tulichagua kamera nyembamba inayopinda, iliyopitishwa kwenye njia ya mkojo bila chale yoyote, na leza ikalisaga jiwe. Lingezidi milimita 20, ningeshauriwa tundu dogo la mgongoni linaloingia moja kwa moja kwenye figo.

Baada ya leza niliwekewa stenti. Inasumbua: unabanwa na mkojo kila mara, ubavu unavuta unapokojoa, na damu kidogo huonekana. Hayo yanapita. Kisichopaswa kutokea ni kuisahau ndani, kwani inaota mawe juu yake na kuitoa kunakuwa operesheni nzito. Usiondoke hospitalini bila tarehe ya kuitoa.

Maabara ilisema punje yangu ni kalsiamu oksaleti, aina inayopatikana kuliko zote. Mkojo ukiwa mchache na mzito, kalsiamu na oksaleti hushikana na kuwa chembe, na chumvi nyingi huongeza kalsiamu inayomwagwa kwenye mkojo. Watu wengi hukimbilia kuacha maziwa, na hapo wanakosea. Kalsiamu ya chakula huikamata oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo, kwa hiyo maziwa pamoja na mlo yanakulinda. Mimi nilipunguza chumvi na nyama, nikaongeza maji hadi kupata mkojo wa lita 2 na nusu kwa siku.

Ingekuwa asidi ya yuriki, pengine hata leza isingehitajika. Mawe hayo hujitengeneza mkojo ukiwa mchachu mno, huwapata zaidi wenye jongo, kisukari na unene, na kwa kawaida hayaonekani kwenye eksirei ya kawaida. Dawa ya potasiamu sitreti ikipunguza uchachu huo, mawe yanaweza kuyeyuka taratibu. Ndiyo maana namshauri mgonjwa asiye na dalili za hatari amuulize daktari kuhusu uchachu wa mkojo kabla ya kukubali upasuaji.

Jiwe la struviti ni kinyume chake. Hutokana na bakteria wanaoufanya mkojo uwe na magadi, linaweza kukua haraka hadi kujaza figo nzima kwa matawi, na likibaki kipande, maambukizi yanarudi, kwa hiyo linaondolewa lote. Jiwe la sistini ni la kurithi na ni adimu. Mtoto au kijana anayetoa mawe mara kwa mara apimwe kwa ajili yake, na ndugu zake pia.