Transfoma ya zigzagi: nyutro ya delta inatoka wapi, na kwa nini omu zake ni chache

Ukikabidhiwa kiwanda chenye transfoma ya kilovolti 33 kwa 11, na upande wake wa kilovolti 11 umefungwa delta, jambo la kwanza la kumuuliza fundi aliyekutangulia ni mahali ilipo erthi ya upande huo. Delta ina kona tatu, na kila kona ni fezi. Hakuna kitovu ambacho unaweza kukiunganisha na ardhi. Kazi yangu ya umeme wa viwanda imekuwa zaidi Iringa, Mufindi na Mbeya, ambako njia za kilovolti 11 za kwenda kwenye pampu na mashamba ya chai hupita katikati ya mikaratusi na mipaini, na tawi kulalia waya ni habari ya kila msimu wa mvua. Katika mazingira hayo mfumo usio na erthi hukusumbua kwa namna ya pekee: fezi moja inagusa ardhi, mita ya volti ya fezi hiyo inashuka karibu na sifuri, zile mbili zinapanda kutoka kilovolti 6.35 hadi 11 dhidi ya ardhi, na hakuna breka inayofyatuka. Mkondo unaopita kwenye hitilafu ni ule mdogo tu unaotokana na kapasitansi ya nyaya na kebo, kwa hiyo rilei za kawaida haziuoni, huku cheche pale kwenye tawi zikiwaka na kuzima na kurusha volti za juu zinazokuja kupasua kebo mahali pengine kabisa.

Dawa iliyozoeleka ni kufunga transfoma ya zigzagi kwenye basbaa ya kilovolti 11. Kwa nje inafanana na transfoma yoyote ndogo ya mafuta, ila ina vichwa vitatu vya fezi na kimoja cha nyutro, na mara nyingi haina upande wa pili kabisa. Ikiwa nao, huwa ni wa volti 400 kwa ajili ya taa na chaja za betri za kituo. Siri yote imo ndani, kwenye namna koili zilivyofungwa.

Kiini chake kina miguu mitatu, na kila mguu una koili mbili zenye mizunguko sawa. Fezi nyekundu inaingia kwenye koili ya kwanza ya mguu wake, kisha inahamia kwenye koili ya pili ya mguu wa jirani, lakini huko inapita kwa mwelekeo uliogeuzwa, halafu inaishia kwenye nyutro. Fezi ya njano na ya buluu zinafanya vivyo hivyo kwa kupokezana miguu. Kwa mfumo wa kilovolti 11, kila koili inabeba kilovolti 3.67, yaani 11 kugawanya kwa 3. Kwa kuwa koili mbili za fezi moja zimekaa kwenye miguu ambayo volti zake zimepishana kwa nyuzi 120, na ya pili imegeuzwa, hesabu ya pamoja haiwi 7.34 wala sifuri, bali 3.67 mara 1.73, ambayo ni kilovolti 6.35. Hiyo ndiyo volti ya fezi kwa nyutro ya mfumo wa kilovolti 11. Kila fezi inafika kwenye fundo la mwisho ikiwa imetumia volti zake zote, na kwa sababu fezi tatu zinalingana, fundo hilo linakaa katikati kabisa. Nyutro ya delta imepatikana bila kuigusa delta yenyewe. Siku za kawaida transfoma hii haifanyi kazi nyingine: inavuta mkondo mdogo wa kusumakisha kiini chake, na inangoja.

Sasa tuje kwenye impidansi, ambako ndiko maelezo mengi hupita haraka mno. Mikondo ya mfuatano sifuri ni mikondo mitatu yenye ukubwa mmoja, inayopanda na kushuka kwa wakati mmoja katika fezi zote. Ikipita kwenye zigzagi, tazama mguu mmoja tu: koili yake ya kwanza inabeba mkondo wa fezi nyekundu, na koili yake ya pili inabeba mkondo wa fezi nyingine, ulio sawa na ule wa kwanza lakini unaozunguka kinyume. Ni kama watu wawili wenye nguvu sawa wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili. Nguvu inatumika, ila mlango hausogei. Sumaku ya koili moja inafuta ya nyenzake, kiini hakipati sumaku ya kuleta volti ya kupinga, na kinachobaki kuuzuia mkondo ni sumaku kidogo inayovuja katika nafasi iliyo kati ya koili hizo mbili, pamoja na ukinzani wa shaba. Mikondo ya kawaida ya fezi tatu haifutani hivyo, kwa sababu haifikii kilele kwa wakati mmoja, na hiyo inakutana na kiini kizima. Ukichukua zigzagi inayovuta ampea 1 ya kusumakisha, basi kwa mikondo ya kawaida inaonekana kama omu 6,350, ilhali kwa mfuatano sifuri inaweza kuwa omu 60 tu.

Kufutana huko kuna tokeo jingine. Kwa kuwa kila mguu unashirikisha fezi mbili, na lazima pande zake mbili zilingane, fezi hazina budi kugawana mkondo wa nyutro kwa usawa. Ampea 300 zikipanda kutoka ardhini, zinatoka 100 kwa kila fezi, hata kama hitilafu iko kwenye fezi moja.

Hiyo omu 60 sikuiokota hewani. Chukua transfoma kuu ya megavoltiampea 5 yenye impidansi ya asilimia 8. Kwa upande wa kilovolti 11 hiyo ni omu 1.94. Mhandisi anataka hitilafu ya erthi iwe ampea 300, basi anatumia hesabu hii, ambamo If ni mkondo wa hitilafu, E ni volti ya fezi kwa nyutro, Z1 na Z2 ni impidansi za transfoma kuu kwa mfuatano chanya na hasi, zote 1.94, na Z0 ni impidansi ya zigzagi kwa mfuatano sifuri:

```
If = 3 x E / (Z1 + Z2 + Z0)
300 = 3 x 6350 / (1.94 + 1.94 + Z0)
Z0 = 59.6
```

Mtengenezaji anaipata thamani hiyo kwa kupanga nafasi kati ya koili. Angeibana ifike omu 5.8, mkondo ungekaribia ampea 2,000, na skrini za kebo nyembamba zingeteseka bure. Lakini hapa napenda msomaji aelewe vizuri uchache wa omu hizi ni kwa kulinganisha na nini. Omu 60 ni chache mbele ya 6,350, ila ni nyingi mbele ya 1.94. Kwa hiyo wakati wa hitilafu, fezi mbili nzima bado zinapanda hadi kilovolti 10.5 hivi dhidi ya ardhi. Zigzagi ya namna hii inakupa mkondo wa kutosha kufyatua breka, na inatuliza volti za cheche. Haikupi ruhusa ya kununua vizuia radi au transfoma za kupimia volti za daraja la chini. Mtu anayekuambia kwamba ukishafunga zigzagi volti hazipandi tena, mwombe akuonyeshe hesabu.

Tufuate hitilafu moja hadi mwisho. Mpaini umeangukia fezi nyekundu ya njia ya kwenda pampu. Ampea 300 zinaingia ardhini, zinarudi kwenye nyutro, na zigzagi inazigawa 100 kwa kila fezi. Zile 100 za nyekundu zinakwenda moja kwa moja kwenye hitilafu. Zile za njano na buluu zinaelekea kwenye transfoma kuu, zinazunguka ndani ya delta, na zinatoka kwenye nyekundu zikiwa 200. Kwa hiyo transfoma za kupimia mkondo zilizo kwenye breka ya njia ya pampu zinaona ampea 300 za erthi, na rilei yake inafanya kazi inavyotakiwa. Zile za breka kuu, ikiwa zigzagi iko upande wa basbaa, zinaona 200 zikienda na 100 mbili zikirudi: jumla sifuri. Rilei ya erthi ya breka kuu inayotegemea jumla hiyo haitajua lolote. Kinga ya akiba inabidi ichukuliwe kwenye waya wa nyutro ya zigzagi yenyewe, nayo iamuru breka kuu ifunguke ndani ya sekunde chache, kwa maana zigzagi nyingi zimeandikwa kustahimili mkondo huo kwa sekunde 10 tu.

Kosa nililolikuta katika kiwanda kimoja ukanda huu lilitokana na hizo ampea 100 za kila fezi. Rilei ya mkondo mkubwa ya zigzagi ilikuwa imewekwa ampea 40, kwa hoja kwamba siku zote inapita ampea 1. Kila tawi lilipogusa waya nje, rilei hiyo iliona 100, ikaitoa zigzagi yenyewe kabla breka ya njia haijafyatuka. Hitilafu ilibaki, mfumo ukabaki bila erthi, na dalili ilikuwa ileile ya zamani: mita moja sifuri, mbili zimepanda, pampu zinaendelea kuzunguka. Marekebisho yalikuwa kuifanya rilei iondoe mfuatano sifuri katika kipimo chake. Kwenye rilei za kidijitali hilo ni suala la kuchagua. Kwenye za zamani unafunga transfoma za kupimia mkondo kwa delta, ili mikondo sawa izunguke humo bila kufika kwenye rilei. Vilevile breka ya zigzagi ikifunguka kwa sababu yoyote, iifungue na breka kuu. Na usiweke fyuzi kwenye fezi za zigzagi. Ikiungua moja, ule ulinganifu wote unavunjika.

Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, au baada ya kurudi kutoka kwa mafundi wa kusuka upya, ipime. Itenge kabisa na mfumo, unganisha fezi zote tatu pamoja, kisha weka volti za fezi moja kati ya fundo hilo na nyutro, ukipandisha polepole kwa variaki. Z0 ya kila fezi ni mara tatu ya volti ukigawanya kwa mkondo. Kwa zigzagi ya omu 60, volti 230 zinapaswa kupitisha ampea 11.5, na namba hiyo unailinganisha na kibao cha transfoma. Mkondo ukiwa mdogo sana kuliko huo, shuku koili iliyofungwa bila kugeuzwa: sumaku hazifutani tena. Usiiwashe kwa kujaribu, kwa sababu zikifungwa hivyo koili mbili za fezi zinajumlisha kilovolti 3.67 tu badala ya 6.35, na kiini kitalazimishwa kubeba sumaku mara 1.73 ya ile kilichotengenezewa.