Meno hayashikani: vituo viko mbali mno

"Wakuu, giya moduli 2, meno 20 na 40. Nimeweka vituo mm 64, mbona ncha zinagusana tu?"

Mkuu, umetumia vipenyo vya nje, 44 na 84. Chukua kipenyo cha duara la mgusano, yaani moduli mara meno: 40 na 80. Nusu ya jumla yake ni mm 60. Vituo vikae hapo.

Ubavu wa jino usiuchore kwa bikari. Kwa giya ndogo, ikiwa pembe ya msukumo wa meno ni 20°, kipenyo cha duara la msingi ni 40 × cos 20° = mm 37.59. Fikiria uzi uliozungushiwa hapo ukifunguliwa huku umekazwa: ncha yake ndiyo inayochora ubavu. Meno yakielekeana ncha kwa ncha, zungusha giya kubwa 4.5°, jino liingie kwenye pengo.