Kabla hujatafsiri ukurasa wa kwanza, tengeneza orodha ya istilahi

Mwongozo mrefu wa kwanza niliopewa kutafsiri ulikuwa wa pampu ya kumwagilia inayoendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja. Kurasa 180, kutoka Kiingereza. Nilianza kutafsiri siku ileile nilipopokea faili, nikijua istilahi nitaziamua kila nikikutana nazo. Nilipofika ukurasa wa 120 nikarudi nyuma kutafuta kitu, nikagundua kifaa kimoja nimekipa majina matatu: kichujio kwenye sura ya matengenezo, chujio kwenye sura ya hitilafu, filta kwenye jedwali la vipuri. Mkulima akisoma hapo angedhani injini yake ina vifaa vitatu.

Nikasema si kitu, kompyuta itanibadilishia. Nilikuwa nimeamua kubaki na filta, kwa sababu ndilo neno atakalolitaja mkulima akienda dukani kununua. Nikaiagiza programu ibadilishe kila kichujio kuwa filta. Sentensi iliyokuwa nzima ikatoka hivi: "Toa filta, kioshe kwa dizeli safi, kikaushe, kisha kirudishe mahali pake." Iliyofuata haikuguswa kabisa: "Kikiwa kimechanika, nunua kingine." Neno lenyewe halimo katika sentensi hiyo, kwa hiyo hakuna utafutaji utakaoifikia, lakini ngeli ya neno imo kila mahali. Nililazimika kusoma upya kurasa zote 120 kwa jicho langu, na kazi hiyo ilinila siku nne.

Ndiyo maana nasema mtafsiri wa Kiswahili hana njia ya mkato hapa. Kwetu sisi kuchagua nomino ni kuchagua pia viambishi vya vitenzi, vivumishi na viwakilishi vyote vitakavyoifuata. Ukibadili nomino katikati ya safari, umebadili sarufi ya kitabu kizima. Orodha ya istilahi ikitangulia, uamuzi huo unaufanya mara moja tu.

Sasa nafanya hivi. Kwanza nageuza mwongozo wa Kiingereza kuwa matini tupu, kisha nahesabu maneno yake:

```
tr -cs 'A-Za-z' '\n' < manual.txt | tr 'A-Z' 'a-z' | sort | uniq -c | sort -rn | head -400
```

Ninachopata ni maneno 400 yanayojirudia zaidi. Mengi ni viunganishi, nayafuta. Amri hii ina upungufu mmoja: inahesabu neno mojamoja, wakati istilahi nyingi za mitambo ni za maneno mawili au matatu. Kwa hiyo nafungua sura ya vipuri, ile yenye michoro ya mashine iliyofumuliwa na kila kipande kupewa namba, na kutoa humo majina kamili. Kwa mwongozo wa kurasa 180 nabaki na istilahi kama 150. Nikijaribu kuorodhesha kila kitu nachoka kabla kazi yenyewe haijaanza, na orodha ya maneno 600 hakuna anayeifungua.

Kisha nachapa michoro ile na kwenda nayo gereji. Siulizi fundi neno fulani la Kiingereza analitafsirije, kwa sababu atanibunia jibu ili asiniangushe. Namwonyesha kipande na kumuuliza, "Hii mnaiitaje?" Nauliza mafundi wawili, kila mmoja kivyake, halafu muuza vipuri. Wakikubaliana wote watatu, neno hilo linaingia hata kama kamusi ina lingine. Wakitofautiana, hapo ndipo nafungua kamusi na orodha za BAKITA zinipe uamuzi.

Gereji ndipo nilipofunguliwa macho kuhusu neno mafuta. Kwenye rasimu yangu nilikuwa nimeandika, "Jaza mafuta kwenye bakuli la filta ya hewa hadi kwenye alama." Fundi akaniuliza, "Mafuta gani?" Kiingereza kilikuwa kinasema oili ya injini, lakini kwa msomaji wangu mafuta ni dizeli kwanza. Akimimina dizeli kwenye bakuli lile, injini inaweza kuivuta pamoja na hewa na kuanza kukimbia bila kushikika, hata ukiikatia dizeli ya kwenye tangi. Tangu siku hiyo, katika orodha zangu za injini, mafuta peke yake ni neno lililopigwa marufuku. Kuna dizeli, kuna oili, basi. Bomba nalo ni hivyohivyo: kwa mmoja ni paipu, kwa mwingine ni koki ya maji, kwa wa tatu ni pampu yenyewe, na mwongozo wa pampu unavitaja vyote vitatu ndani ya ukurasa mmoja.

Orodha yenyewe naiweka kwenye faili la matini lenye safu tatu zilizotenganishwa kwa tabo. Programu ya OmegaT inalisoma moja kwa moja kutoka folda ya `glossary`, na kila sentensi ikifunguka, istilahi zilizomo zinajitokeza pembeni:

```
air filter	filta ya hewa	i-/zi-; si kichujio, si chujio
engine oil	oili ya injini	i-; si mafuta
fuel	dizeli	i-; si mafuta
pipe	paipu	i-/zi-; si bomba
replace	badilisha	kuweka kipya
replace	rudisha	kurudisha kilekile
```

Safu ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa kwangu. Humo naandika upatanisho wa ngeli na maneno yasiyoruhusiwa. Ngeli inafaa zaidi pale watu wanapotofautiana: chujio, kwa mfano, wengi husema limeziba, wengine kimeziba. Mkiwa watafsiri wawili kwenye kazi moja bila kukubaliana, msomaji ataona.

Tazama pia mistari miwili ya mwisho. Kitenzi cha Kiingereza ni kimoja, lakini miongozo hukitumia kwa maana mbili: toa cha zamani uweke kipya, au rudisha kilekile ulichokitoa. Ukiandika badilisha kila mahali, utamtuma mkulima akanunue kifuniko kipya kila anapokagua oili. Vitenzi vya aina hii siviamui kwa orodha peke yake, nasoma hatua iliyotangulia kuona kama kifaa kilitolewa kikiwa kizima.

Kabla ya kuifunga orodha, naijaribu kwa kurasa tano ngumu, kwa kawaida kutoka sura ya hitilafu, kwa kuwa huko istilahi hurundikana. Majina mawili au matatu huwa yanashindwa hapo, hasa yale marefu. Jina la maneno manne lenye vihusishi vitatu vya -a linaonekana zuri kwenye jedwali, lakini likiingia ndani ya sentensi msomaji anapotea. Nayafupisha, nampelekea mteja orodha aipitishe kwa maandishi, ndipo naanza ukurasa wa kwanza.

Mwishoni nayasaka maneno yaliyopigwa marufuku:

```
grep -nwi "mafuta" sura*.txt
grep -ni "chujio" sura*.txt
```

Amri ya pili haina `w` kwa makusudi, ili inase kichujio, vichujio na machujio kwa pamoja. Kwenye kazi ya mwisho niliyokabidhi, mwongozo wa injini wa kurasa 240, mafuta yalitokea mara sita na chujio mara moja. Nilisoma kila sehemu na aya inayoifuata, nikarekebisha, na nikamaliza kabla ya chakula cha mchana.