Keki bila mayai: kwa nini ya Kisumu ilisimama na ya Nakuru ikalala

Mtoto wa dada yangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa tulipojua hawezi mayai. Alikula kipande cha yai la kuchemsha, midomo ikavimba, vipele vikatapakaa shingoni, akatapika. Daktari alisema mayai yaondolewe kabisa, na keki, biskuti na mandazi ya kununua yasomwe pakiti kwanza. Tangu siku hiyo keki za familia yetu tunazioka wenyewe, dada akiwa Kisumu nami nikiwa hapa Nakuru.

Ya kwanza niliiharibu mimi. Nilichukua mapishi yangu ya kila siku ya mayai manne, nikasikia kwamba robo kikombe cha ndizi iliyopondwa inatosha nafasi ya yai moja, nikapiga hesabu: mayai manne, kikombe kizima cha ndizi. Ilitoka imekoza rangi juu, karibu nyeusi pembeni, na nilipoikata kulikuwa na utepe mzito chini, unanata kwenye kisu kama ugali mbichi. Nikairudisha kwenye oveni dakika ishirini zaidi. Ilikauka juu, chini ikabaki vilevile.

Kosa halikuwa moto. Yai likipashwa moto hugandamana, na ule mgando ndio unaoshika kuta za vitundu vya hewa ndani ya keki. Ndizi haigandi. Inaleta maji, sukari na utamu, basi. Sukari yake huchoma ngozi ya keki mapema, ukadhani imeiva, na maji yake yanabaki chini. Kwa hiyo ndizi naiweka pale tu mapishi yanapotaka yai moja, au mawili kwa shida, na ninapotaka keki ya ndizi yenyewe, kwa sababu ladha haijifichi. Ndizi mbili ndogo za sukari zilizoiva hadi ganda lina madoa meusi hunipa karibu robo kikombe. Ukiona mapishi ya mayai matatu au manne, yale ya keki nyepesi inayoinuliwa na mayai yaliyopigwa povu, yaache. Hakuna kimoja kati ya vitu ninavyovieleza hapa kitakachofanya kazi hiyo.

Kwa keki ya kawaida, ile ya siku ya kuzaliwa ambayo kila mtoto anaitambua, mimi nashikilia yogati. Dada ndiye aliyenipa vipimo. Keki yake ya zamani ilikuwa na unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, sukari robo tatu ya kikombe, mafuta ya kupikia nusu kikombe, mayai mawili na maziwa nusu kikombe. Aliondoa mayai na maziwa yote, akaweka kikombe kimoja cha yogati nzito isiyo na sukari wala ladha: nusu kwa ajili ya mayai, nusu kwa ajili ya maziwa. Akatia kijiko kimoja na robo cha chai cha beking poda, nusu kijiko cha chai cha magadi ya keki, na vanila kidogo. Magadi hayo ni ya lazima. Uchachu wa yogati ukikutana nayo hutoa gesi, na gesi hiyo inaziba sehemu ya pengo lililoachwa na mayai. Ukiyasahau, keki inatoka imebana na ina ukali wa maziwa lala.

Kule Kisumu keki hiyo ilisimama vizuri. Mimi nikaipika hapa kwa vipimo vilevile, na kikombe cha kupimia cha aina ileile tuliyonunua pamoja. Nilichungulia kwenye kioo cha oveni dakika ya ishirini, ilikuwa imepanda juu kuliko ukingo wa sufuria. Dakika ya thelathini ilikuwa na bonde katikati. Nikampigia dada simu.

"Dada, imelala."

"Ulifungua mlango?"

"Sikuugusa."

Nilirudia mara mbili kabla ya kukubali kwamba tofauti ni mahali. Kisumu iko ufukweni mwa ziwa, kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Nakuru tuko karibu mita 1,850. Huku juu hewa haikandamizi sana kama kule chini, kwa hiyo gesi ileile ya beking poda inavimba zaidi na kwa haraka zaidi. Keki yenye mayai inavumilia, kwa sababu yai linaganda likaushika ule urefu. Keki ya yogati inategemea unga pekee, nao huchelewa kushika. Vitundu vinapanda, vinapasuka kabla ya kuta kukauka, na katikati panadidimia.

Nilipunguza beking poda hadi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, magadi nikayaacha nusu kijiko, sukari nikatoa vijiko viwili vya chakula kwa kuwa sukari nyingi huchelewesha keki kushika. Oveni nyuzi 180, iwe imeshapata moto kabla sijaanza kuchanganya. Yogati, sukari, mafuta na vanila nakoroga hadi sukari iyeyuke. Unga, beking poda na magadi nachekecha pamoja, kisha naumimina mara mbili na kugeuza kwa mwiko taratibu, nikiacha mara tu nisipoona unga mkavu. Ukipiga sana keki inakuwa ngumu kama mkate. Halafu inaingia ndani mara moja, maana gesi imeshaanza: ukiinamisha sikio juu ya bakuli unasikia mchirizo mdogo wa vipovu, na kila dakika unayochelewa ni hiyo inayokutoroka.

Inachukua dakika 35 hadi 40. Haikozi rangi sana, usisubiri iwe kahawia kama ya mayai. Choma kijiti katikati. Kikitoka na makombo makavu, itoe. Iache kwenye sufuria dakika kumi, iipue, kisha usiikate hadi ipoe kabisa. Hapo ndipo wengi wanaiharibu. Wanga unaendelea kushika inapopoa, na ukiikata ya moto utadhani haijaiva.

Yogati ikikosekana, maziwa lala huenda, ila yachuje kwanza kwenye kitambaa safi kwa saa moja, kwa kuwa maji yake ni mengi. Na mtoto ambaye hata maziwa hawezi, yogati si yake.

Huyo ndiye ninayempikia kwa mbegu za kitani. Zisage ziwe unga, kwa sababu nzima hazishikanishi vizuri. Kijiko kimoja cha chakula cha unga huo na vijiko vitatu vya maji, subiri dakika kumi, utapata ute unaovutika kama wa mrenda. Hiyo ni nafasi ya yai moja. Inashikanisha vizuri lakini haiinui, na inaacha madoa ya kahawia, kwa hiyo naiweka kwenye keki ya kakao au ya unga wa ngano uliochanganywa na ulezi, ambapo hayaonekani. Saga kidogo kidogo. Zilizokaa zimesagwa huanza kunuka kama rangi ya mbao.

Na kama nyumbani mwenu wengine bado wanakula mayai, mwiko wa keki ya mtoto uwe wake. Mwiko wa mbao hufyonza na una nyufa usizoziona. Wa mtoto wetu nimeufunga uzi mwekundu kwenye mpini, na hata mgeni akiingia jikoni kusaidia anaambiwa kwanza habari za ule uzi.