LDL yako iko poa? Sawa, ila pima Lp(a) mara moja tu

Juzi msomaji mmoja kanitumia picha ya majibu yake ya maabara. LDL, ile kolesteroli mbaya, 2.6 mmol/L, triglisaridi safi, presha safi, anakimbia kila Jumamosi, halafu chini kaandika: "Dada, baba alifariki ghafla akiwa na miaka 48, ila mimi si unaona niko fiti? Kuna haja ya kupima kitu kingine kweli?"

Ipo mdogo wangu, kinaitwa lipoprotini a, kwa kifupi Lp(a), chembe ya kolesteroli ya kurithi. Na kwa kuwa swali hili nalijibu kila wiki, leo naliandika hapa lote, tena naliandika kwa sisi watu wa mbio, maana ndio wabishi kuliko wote.

Angalia tena hiyo karatasi yako. Kuna kolesteroli ya jumla, HDL, LDL na triglisaridi, basi. Lipoprotini a haimo, kwa sababu kipimo cha kawaida cha lehemu hakiihesabu peke yake, ni mpaka daktari aandike Lp(a) kama kipimo cha pembeni. Kaka yangu alikuwa na karatasi nzuri kama yako. Mwembamba, sigara hajawahi kuigusa, na kwenye nusu marathoni ya Moshi ndiye aliyekuwa anatuvuta wote nyuma yake. Akapata mshtuko wa moyo akiwa na 43. Hospitali ya kwanza wakampa dawa ya vidonda vya tumbo wakamwambia akapumzike, eti kijana mwembamba hivi moyo utatoka wapi. Walipokuja kumpima vizuri kwingine sehemu ya msuli wa moyo ilikuwa imeshakufa. Yupo, tunamshukuru Mungu, lakini ngazi mbili tu anapumua kwa shida, na mimi hilo bado linaniuma sitadanganya.

Daktari wa moyo aliyempokea baadaye ndiye aliuliza baba alikufa na nini. Baba alianguka shambani akiwa na 51, na ukoo mzima uliamua karogwa. Yule daktari hakubishana na ukoo, akaandika tu Lp(a). Majibu yakaja 236 nmol/L. Madaktari wengi wanaanza kuiita juu kuanzia 125.

Sasa hii kitu ni nini. Ni chembe ya LDL kama zile nyingine, ila ini limeifunga na protini ya ziada, ndefu, inaitwa apolipoprotini a. Inaingia kwenye ukuta wa mshipa kama LDL inavyoingia, lakini imebeba pia mafuta yaliyoharibika yanayoamsha uvimbe mle ndani, ndio maana chembe moja ya hii ina madhara kuliko chembe moja ya LDL ya kawaida. Inachangia pia valvu ya aota, ule mlango damu inapotokea moyoni, kukakamaa uzeeni. Si kitu kipya, Kåre Berg wa Norwei aliigundua 1963.

Kiasi chako kinaamuliwa karibu chote na jeni moja, inaitwa LPA. Ndani ya hiyo jeni kuna kipande kinachojirudia, wengine mara chache wengine makumi ya mara. Kikijirudia mara chache protini inakuwa fupi, na ini linaitoa fupi kwa wingi zaidi. Ndio hivyo. Mtoto akifika kama miaka mitano kiwango chake kimeshakaa pale kitakapokaa ukubwani, mchicha hauishushi, kilomita haziishushi. Bob Harper, yule mwalimu wa mazoezi wa kwenye televisheni ya Marekani, alianguka jimu Nyu Yoki 2017 akiwa na 51, moyo ukasimama, na baadaye akasema hadharani kwamba Lp(a) yake iko juu. Huyo kazi yake ilikuwa kukondesha watu!

Na kwa sababu haibadiliki, ndio maana wataalamu wa moyo wa Ulaya mwaka 2019 walishauri kila mtu mzima apimwe angalau mara moja maishani, na wataalamu wa lehemu wa Marekani nao 2024 wakasema hivyo hivyo. Kama mtu mmoja kati ya watano duniani yuko juu, na sisi wenye asili ya Afrika wastani wetu uko juu kuliko wa Wazungu. Kurudia kupima ni kwa aliyekuwa karibu na mstari, au aliyepata ugonjwa wa figo, au mama aliyefikia ukomo wa hedhi. Wengine jibu lako ni hilo hilo.

Kwetu tulipima wote. Mama 19, mimi 188, dada yangu 15. Unaona? Kila mzazi ana nakala mbili za hiyo jeni na anakupa moja. Mama yuko chini kwa hiyo ile mbaya ilitoka kwa baba, mimi na kaka tukaipata, dada akapata ile nyingine ya baba, na dada ndiye mnene kuliko sisi wote, anacheka mpaka leo. Watoto wangu kila mmoja ana nusu kwa nusu. Nimempima mkubwa, 171. Anacheza mpira kama kawaida, hanywi dawa, ila sigara ikionekana mfukoni mwake siku moja atanijua mimi ni nani.

Kitu kimoja kinachanganya watu. Maabara nyingine zinatoa majibu kwa mg/dL, na huko mstari wa juu ni 50, siyo 125. Mimi kipimo cha kwanza kilitoka 80 mg/dL, nikapimwa kwingine nikaona 188 nmol/L, binamu akapiga simu analia imepanda mara mbili. Haikupanda, ni kizio tofauti, na hakuna hesabu kamili ya kugeuza kimoja kuwa kingine kwa sababu hizo protini zina urefu tofauti. Soma kizio kwanza ndio ulie. Kufunga kula hakuhitajiki, ila usiende ukiwa na homa au umetoka kulazwa, uvimbe mwilini unaweza kuvuruga namba.

Ikiwa juu unafanya nini? Huishushi, unashusha vingine vyote. Mimi LDL yangu ilikuwa 3.4, watu wakasema kawaida, daktari akasema kwa mwenye 188 siyo kawaida, akanianzishia rosuvastatini, moja ya dawa za statini za kushusha LDL, na sasa niko 1.6. Statini haigusi Lp(a), wengine inaipandisha kidogo, kwa hiyo usiache dawa eti namba haijashuka, ilikuwa haifanyi kazi hiyo. Presha, sukari, sigara, hapo hakuna msamaha. Nayasini, yaani vitamini B3, inaishusha kweli lakini ilipojaribiwa juu ya statini haikupunguza mshtuko wa moyo na ilileta sukari kwa baadhi ya watu, kwa hiyo wanaokuuzieni vikopo inbox waacheni. Sindano kama pelakasen na olpasiran zinaishusha sana, zaidi ya nusu, na zimeingizwa kwenye majaribio makubwa kuona kama kushuka huko kunaokoa moyo.

Kwa mdogo wangu uliyeniandikia: mwambie daktari aandike Lp(a) na uulize maabara bei kabla, maana wengi sampuli wanaituma nje ya nchi na majibu yanachukua wiki kadhaa. Ikirudi chini ya 75 nmol/L, urithi wa baba yako utafutwe kwingine, labda presha, labda misuli ya moyo, na bado umwambie daktari kuhusu hiyo 48. Ikirudi juu ya 125, simu ya kwanza wapigie ndugu zako wa baba mmoja, hata wale msioongea.