Mteja anaposubiri: kuandika taarifa ya hitilafu inayojibu maswali yake

Kama umeanza kazi kwenye dawati la huduma za mifumo, hautapita muda mrefu kabla hujaambiwa, "Waandikie wateja, mfumo umesimama." Wengi wanaoanza huandika hivi:

"Ndugu mteja, tunapenda kukutaarifu kuwa kumejitokeza hitilafu ya kiufundi katika mfumo wetu. Mafundi wetu wanaishughulikia na huduma itarejea hivi punde. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Ujumbe huo una adabu na hauna kosa la lugha, lakini simu zitaanza kuita dakika ileile ukishautuma. Mteja hajajua kama ni yeye aliyeathirika, hajui asubiri au atafute njia nyingine, wala hajui "hivi punde" ni dakika kumi au ni kesho. Kwa hiyo atapiga kuuliza, na mtu atakayepokea simu ni wewe, au fundi yuleyule anayehitaji utulivu ili arekebishe.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Kampuni inaendesha mfumo ambao maduka huutumia kupokea oda za wateja wao. Saa 4:05 asubuhi diski ya seva ya hifadhidata inajaa. Seva haijazimika: bado inasoma taarifa za zamani, ila haiwezi kuandika mpya. Mwenye duka anaingia kwenye akaunti bila shida na kuona oda za jana, lakini kila oda mpya inakataliwa.

Ukiandika "mfumo umesimama" hapo utakuwa umekosea, kwa sababu aliyetaka kupakua ripoti tu ataacha kazi bure. Athari iandikwe kwa vitendo vya mteja, siyo kwa majina ya mashine zetu. Mwenye duka hana haja ya kujua seva ipi imejaa. Anataka kujua kama anaweza kupokea oda.

Kabla ya kuandika chochote, muulize fundi maswali mawili. La kwanza: kipi kinafanya kazi na kipi hakifanyi, tangu saa ngapi? Kumbukumbu za seva mara nyingi huandikwa kwa saa za kimataifa za UTC, kwa hiyo zibadilishe ziwe saa anazozisoma mteja kabla ya kunakili. La pili, na hili husahaulika sana: kilichotumwa wakati wa hitilafu kimekwenda wapi? Katika mfano wetu, oda iliyorudisha ujumbe wa kosa haikuingia kabisa. Lakini ile ambayo skrini ilizunguka tu bila jibu inaweza kuwa imeingia au haikuingia. Na kama mfumo hukata malipo kwanza ndipo uhifadhi oda, kuna watu wamelipa na oda zao hazipo. Mteja akituma tena bila kujua hilo, atakatwa mara mbili, na hapo utakuwa na hitilafu ya pili itakayochukua siku kadhaa kusafisha.

Chanzo nacho kinahitaji uangalifu. Andika kilichothibitishwa, kwa sentensi moja ambayo mtu asiye fundi ataielewa. Kama bado hakijajulikana, sema kinachunguzwa, kisha ongeza unachokijua kwa uhakika. Kwa mfano, kwamba tatizo liko upande wetu. Sentensi hiyo fupi inamwokoa mteja asianze kuzima ruta yake na kuita fundi wa intaneti. Usiandike dhana, na usimtaje mtoa huduma mwingine kuwa ndiye mkosaji wakati uchunguzi haujaisha. Maneno "hakuna taarifa zilizopotea" yasubiri mpaka mtu awe ameangalia kweli.

Basi ujumbe ule ukiandikwa upya, saa 4:25, unakuwa hivi:

"Oda mpya hazipokelewi tangu saa 4:05 asubuhi, taarifa ijayo saa 4:55

Tangu saa 4:05 asubuhi ya leo, oda mpya hazihifadhiwi kwenye mfumo. Unaweza kuendelea kuingia kwenye akaunti, kuangalia oda za nyuma na kupakua ripoti.

Kama oda ilileta ujumbe wa kosa, haikuingia. Kama haikuleta jibu lolote, tunakagua kama iliingia. Tafadhali usitume tena oda yoyote kwa sasa, hasa iliyokwisha kulipiwa. Oda mpya ziandike pembeni.

Chanzo: diski ya seva inayohifadhi oda imejaa. Mafundi wanaongeza nafasi.

Tunatarajia oda zianze kupokelewa kati ya saa 5:00 na saa 5:30 asubuhi.

Tutakuandikia tena saa 4:55 asubuhi, hata kama hakutakuwa na jipya. Samahani kwa kazi zilizokwama."

Angalia kichwa chake. Mtu anayekisoma kwenye simu bila hata kufungua ujumbe ameshapata mambo mawili anayoyahitaji zaidi.

Muda wa kurekebisha na muda wa taarifa ijayo ni ahadi mbili tofauti, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni makadirio, inategemea mashine. Mwombe fundi akutajie hatua zilizobaki na muda wa kila moja, ukiwemo muda wa kujaribu baada ya kurekebisha, kisha utoe kipindi badala ya dakika moja kamili. Akikwambia hajui, usimlazimishe ataje namba. Andika kwamba makadirio bado hayajapatikana. Ahadi ya pili iko mikononi mwako kabisa, kwa hiyo haina sababu ya kuvunjika. Weka kengele kwenye simu dakika tano kabla. Nusu saa inatosha kwa hitilafu inayozuia kazi. Kwa jambo dogo, saa moja au mbili si vibaya.

Tuseme saa 4:50 fundi anakwambia nafasi imeongezwa, lakini hifadhidata inajikagua kabla ya kufunguka na ukaguzi unakwenda polepole. Makadirio yamevunjika. Mwambie mteja saa 4:55, kabla muda wa awali haujapita: nafasi imeongezwa, hifadhidata inakaguliwa, makadirio mapya ni kati ya saa 5:30 asubuhi na saa 6:00 mchana, taarifa ijayo ni saa 5:25. Taja sababu ya kusogea. Makadirio yanayosogezwa kimyakimya mara mbili hufanya ya tatu yasiaminiwe na mtu, hata yakiwa sahihi.

Jambo dogo ila la lazima: hakikisha ukurasa wa hali ya huduma na barua pepe unazotumia havitegemei seva ileile iliyoharibika.

Oda zikianza kuingia, usikimbilie kuandika kwamba limekwisha. Andika kwamba huduma imerejea na mnaifuatilia, kisha subirini mpaka oda halisi za wateja zipite bila kukataliwa kwa muda wa kutosha. Taarifa ya kufunga itaje hitilafu ilianza saa ngapi na ikaisha saa ngapi, na impe kila mtu maelekezo yake: aliyepata ujumbe wa kosa atume oda upya, ambaye hakupata jibu aangalie kwanza orodha ya oda zake, aliyelipa na oda haionekani asilipe tena, atume namba ya muamala, na aambiwe ni lini atajibiwa.